Gari Likae Katikati

Sentensi iliyoniaibisha ilikuwa na maneno matano tu: "I repaired the car yesterday." Niliiandika katika daftari la magari nilipokuwa karani kijana kwenye ofisi moja ya mizigo hapa Tanga, si mbali na bandari, na kwa sarufi niliyokuwa nayo wakati ule sikuona kosa lolote ndani yake. Kitenzi kilikuwa cha wakati uliopita, mtenda alikuwapo, siku ilikuwa imetajwa. Kwa Kiswahili ningeandika "Jana nilitengeneza gari", na hakuna mtu pale ofisini ambaye angenielewa vibaya, kwa kuwa wote walijua kwamba sikuweza hata kufungua boneti.

Mambo yalikwenda hivi. Klachi ya pikapu ya ofisi ilikuwa ikiteleza, nikatumwa kuipeleka gereji moja ya Mikanjuni. Nilikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini tangu saa tatu asubuhi hadi karibu na alasiri, nikinywa kahawa kwa kashata, huku fundi na kijana wake wakishusha giaboksi na kubadilisha sahani ya klachi. Nililipa, nikarudisha gari, nikaandika. Msimamizi wetu wa siku zile alikuwa mgeni asiyejua Kiswahili, naye Jumatatu asubuhi aliniita uani, akanikabidhi spana mbili na kunionyesha pampu ya maji iliyokuwa imegoma. Alikuwa amesoma daftari, na alifurahi sana kugundua kwamba karani wake ni fundi.

Nilijitetea kadiri nilivyoweza, kisha nikarudi mezani kusahihisha. Nilikumbuka kutoka shuleni kwamba katika jambo hili kuna "had" inayoingia mahali fulani, basi nikaiingiza mahali palipoonekana pana nafasi: "I had repaired the car." Msimamizi aliisoma, akaniuliza kwa upole, "Kabla ya nini?" Sikumwelewa. Leo namwelewa vizuri: sentensi yangu ya pili ilikuwa bado inasema kwamba mimi ndiye niliyeshika spana, ila ilikuwa imeongeza kwamba nilimaliza kazi kabla ya jambo jingine ambalo sikulitaja. Nilikuwa nimehamisha wakati, sikuwa nimehamisha mikono.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mpiga chapa, mtu mzima aliyekuwa amewahudumia wageni wengi pale ofisini. Aliangalia karatasi yangu, akasema, "Mwanangu, maneno yote unayo. Gari ndilo umelisukuma mwisho. Lilete katikati." Kisha akapiga kwenye mashine yake:

```
I had the car repaired.
```

Maneno yaleyale matano, na maana nyingine kabisa. Gari likikaa baada ya "repaired", mimi ni fundi. Gari likikaa kati ya "had" na "repaired", mimi ni mtu aliyelipeleka gereji, akasubiri na akalipa. Kiingereza hakikuongeza neno hata moja ili kunitenganisha na fundi, kilibadilisha mpangilio tu, na ndiyo maana mwanafunzi anayejaza nafasi kwa kukusanya maneno bila kuangalia yanakokaa huanguka palepale nilipoanguka mimi.

Miaka mingi baadaye nikaanza kufundisha madarasa ya jioni Ngamiani, katika chumba cha kupanga chenye ubao mmoja na mabenchi manane. Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wanaojiandaa kurudia mtihani wa Kidato cha Nne, na zoezi linalowasumbua kuliko mengi ni hili la kukamilisha sentensi kwa "have" na "get". Kwa muda mrefu nililifundisha vibaya. Nilikuwa naandika kanuni ubaoni, kwamba "have" hufuatwa na kitu na kitu hufuatwa na umbo la tatu la kitenzi, wanafunzi wanaikariri, na wiki inayofuata wananiletea "I cut my hair yesterday" kana kwamba kila mmoja ana kioo na mkasi nyumbani kwake.

Aliyenifumbua macho ni dada mmoja fundi cherehani, mwenye kibanda chake hukohuko Ngamiani. Nilikuwa nalalamika darasani kwamba hawazingatii mtenda ni nani, naye akainua mkono. "Mwalimu," alisema, "mbona sisi hatumzingatii hata kwa Kiswahili? Mteja wangu akiulizwa gauni lake jipya amelipata wapi, husema 'Nimeshona kwa dada yule.' Yeye kashona! Mimi niliyekesha na cherehani nimebaki kuwa mahali, kama stendi ya basi."

Darasa zima lilicheka, lakini mimi nilikaa kimya, kwa sababu alikuwa ameugusa mzizi wa tatizo. Kiswahili chetu cha kila siku humpa mwenye mali kitenzi cha fundi. Mtu husema amejenga nyumba Pongwe wala hajagusa mwiko. Husema amenyoa, ameng'oa jino, amepiga picha studio, amesaga mahindi, amechoma sindano tano za malaria, na katika yote hayo mikono iliyofanya kazi ni ya mtu mwingine. Mtu huyo tukimtaja, tunamtaja kwa "kwa": nimenyoa kwa fulani, nimeshona kwa fulani. Ni kweli kwamba tunayo kauli ya kutendesha, na mtu anaweza kusema "nimeshonesha" au "nimetengenezesha", lakini tunaitumia tunapotaka kusisitiza. Pasipo haja hiyo, msikilizaji hujua mwenyewe kwamba karani hashushi giaboksi.

Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika "I cut my hair" hajasahau kanuni. Ametafsiri kwa uaminifu kile ambacho angekisema kwa mama yake. Tangu siku ile niliacha kuanza na kanuni. Sasa, kabla hatujagusa nafasi tupu, nauliza swali moja juu ya kila sentensi: spana ameshika nani? Wakishanijibu, ndipo tunatafuta kitu kinachokaa katikati.

Nitaeleza zoezi moja tulilolifanya wiki chache kabla ya Idi, kwa kuwa makosa yake yalikuwa ya kufundisha. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii:

```
Salim ______ at the garage now.   have / his car / repair
```

Jibu ni "is having his car repaired". Nilipata majibu manne tofauti yaliyokosewa, na kila moja lilikuwa na sababu yake. Wa kwanza aliandika "has repaired his car", akamfanya Salim fundi. Wa pili aliandika "is having repaired his car", na huyu alikuwa ameiona "now", akajua kwamba jambo linaendelea, lakini akalisukuma gari mwisho kama nilivyofanya mimi, akapata mfuatano ambao Kiingereza hakiukubali. Wa tatu alilikalisha gari katikati vizuri, kisha akamaliza kwa "repair". Nilipomuuliza, alisema "repair" ni jina la kazi inayofanyiwa gari. Hapo nilimkumbusha kwamba gari halitengenezi, hutengenezwa, na kwamba umbo la tatu ndilo linalobeba ile "-wa" yetu ya kutendwa. Ukiweza kusoma sehemu ya mwisho kama "gari likatengenezwa", basi kitenzi kinatoka safu ya tatu ya jedwali: "repaired", "stolen", "built", "cut". Hicho cha mwisho huwa ninawaonya juu yake, maana "cut" haibadiliki katika safu zote tatu, na mwanafunzi anaweza kuandika "had my hair cut" miezi sita bila kujua kwamba hajaielewa, hadi siku atakapopewa "steal".

Jibu la nne lilinigusa zaidi. Mwanafunzi aliandika "has his car repaired", sentensi ambayo umbo lake halina dosari, lakini inasema kwamba Salim hupeleka gari gereji kwa desturi, jambo lisilopatana na "now". Nilimuuliza kwa nini hakuweka "is having", akanijibu kwamba alifundishwa shuleni kuwa "have" haivai "-ing". Mwalimu wake hakumdanganya. Huku kwetu watu wengi husema "I am having two children" kwa maana ya kuwa nao, na walimu wamepigana na kosa hilo mpaka wanafunzi wakaogopa "having" popote wanapoiona. Katazo hilo, hata hivyo, ni la "have" ya kumiliki. "Have" ya kupeleka kitu kwa fundi ni tendo, lina mwanzo na mwisho, kwa hiyo huvaa wakati wowote: "had", "is having", "will have", "has had", "needs to have". Wakati wa sentensi nzima hubebwa na "have" peke yake, na "repaired" haitikisiki.

Ukweli huohuo ndio ulioangusha karibu darasa zima katika sentensi hii:

```
You had your eyes tested last year, ______ you?
```

Wengi walijaza "hadn't". Jibu linalotakiwa ni "didn't". "Had" hapa ni kitenzi kikuu kama "bought" au "went", haisaidii kitenzi kingine, kwa hiyo katika swali na katika kukanusha huomba msaada wa "do": "Did you have your eyes tested?", "I didn't have my eyes tested." Kipimo ninachowapa ni kuangalia kinachofuata "had". Ikifuatwa moja kwa moja na umbo la tatu, kama katika "had tested", ni kisaidizi. Ikifuatwa na kitu kwanza, yaani macho, gari au nywele, ni kitenzi kikuu. Kwa mara nyingine, kilichokaa katikati ndicho kinachoamua.

Kisha tulifika kwenye sentensi mbili nilizoziweka pamoja kwa makusudi:

```
Asha had the tailor ______ her dress.        shorten
Asha got the tailor ______ her dress.        shorten
```

Hapa katikati hakuna kitu, kuna mtu, na mtu huyo ndiye mwenye mikono. Umbo la tatu halifai tena, kwa sababu fundi hafupishwi, bali hufupisha. Baada ya "had" huja kitenzi kitupu, "shorten". Baada ya "got" huja "to shorten". Wanafunzi waliniuliza kwa nini, nami huwa siwapi sababu ya uongo kwa jambo ambalo ni desturi ya lugha, lakini niliwaonyesha tofauti ya maana inayowasaidia kukumbuka. "Had" husema kwamba Asha alimpa fundi kazi, naye akaifanya kama kazi yake ilivyo. "Got" mara nyingi hudokeza kwamba palikuwa na kusukumana kidogo: alibembeleza, aliongeza hela, alikwenda mara tatu. Ile "to" iwe ni alama ya safari hizo tatu. Dada fundi alisema kwamba kwa wiki ya mwisho ya Ramadhani hakuna mteja anayestahili "had", wote ni "got". Kikiwa katikati ni kitu, tofauti ya umbo hutoweka: "had her dress shortened" na "got her dress shortened" zote ni sahihi, isipokuwa "got" ni ya mazungumzo zaidi, na katika barua rasmi ningechagua "had".

Sentensi iliyozua ubishi mkubwa kuliko zote ni hii:

```
He ______ on the Muheza bus.   have / his phone / steal
```

Walijaza "had his phone stolen", kwa kuwa kanuni ilikuwa imekwisha kuwaingia, kisha wakaacha kalamu na kutazamana. Kijana mmoja aliyekaa nyuma aliuliza, "Mwalimu, kwa hiyo huyu alimlipa mwizi?" Lilikuwa swali la haki. Kama "had his car repaired" ina maana kwamba mtu aliagiza gari litengenezwe, kwa nini "had his phone stolen" isiwe na maana kwamba aliagiza simu iibwe?

Niliwajibu kwamba umbo hili kwa asili halisemi nani aliagiza. Linasema kwamba jambo fulani lilifanyiwa kitu cha mtu fulani, na mtu huyo likamfikia. Kama ni jambo ambalo watu hulitaka, tunaelewa kwamba aliliagiza. Kama ni jambo ambalo hakuna anayelitaka, tunaelewa kwamba lilimpata. Hapo Kiswahili, ambacho katika sentensi ya gari kilikuwa kimetupoteza, kinatupa mkono kwa uzuri, maana sisi tunasema "aliibiwa simu", "alivunjwa mkono", "alikatwa mshahara". Mwenye kitu anakuwa kiima, kitenzi kinavaa "-wa", na kitu chake kinabaki palepale baada ya kitenzi. Ukiipata "aliibiwa simu" kichwani, basi "had his phone stolen" inakuja bila jasho. Mambo mawili ambayo sisi tunayapitisha milango miwili, "nimetengeneza gari" na "nimeibiwa simu", Kiingereza kinayapitisha mlango mmoja. Nadhani hiyo ndiyo sababu hasa ya zoezi hili kuwa gumu kwetu, zaidi ya safu ya tatu na zaidi ya "to".

Katika maana hii ya kupatwa, tahadhari kidogo na "get". Watu husema "He got his phone stolen", hasa wakizungumza, lakini msikilizaji anaweza kuhisi lawama ndani yake, kama kwamba aliiacha simu mfuko wa nyuma. Kwenye mtihani, nafasi ikikuachia uchague, "had" ndiyo salama.

Sentensi za kugeuza hazikutuchukua muda. Ukipewa "Someone painted our house last month" na ukatakiwa uanze na "We", unaandika "We had our house painted last month", na "someone" unamwacha barabarani. Fundi akiwa na umuhimu, anarudi mwishoni na "by". Kosa pekee la kuangalia hapo ni wakati: "painted" ya sentensi ya kwanza ni wakati uliopita, na wakati huo lazima uhamie kwenye "had", usipotee njiani.

Kuna jambo moja ambalo huwaambia wanafunzi wakiwa wameshaiva, kwa sababu likija mapema linawavuruga. Kiingereza chenyewe hakikufuata sheria hii kama msumari. Waingereza nao husema "We are building a house" wakiwa wameajiri mafundi, na husema kwamba Wajerumani walijenga reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa hapa Tanga mwaka 1893, ingawa waliobeba mataruma na kulaza vyuma kwa sehemu kubwa hawakuwa Wajerumani. Kwa kazi kubwa, mwenye mradi hupewa kitenzi kwao kama kwetu. Kwa nywele, macho, meno, magari na nguo ndipo wanapodai kwa kawaida tueleze mikono ni ya nani. Basi "I repaired the car" si kosa la sarufi, na mwalimu anayeikata kwa kalamu nyekundu bila kuangalia sentensi inayoizunguka anaonea. Inakuwa kosa pale sentensi inapotaja gereji, fundi au malipo, au pale zoezi linapokupa vipande vitatu kwa mstari, yaani "have", kitu na kitenzi. Vipande hivyo vitatu vikionekana, mtungaji ameshakuambia anachotaka.

Mwishoni mwa zoezi huwa naacha mistari miwili mitupu, mwanafunzi atunge sentensi zake mwenyewe kutoka katika kazi yake. Wengi waliandika juu ya pikipiki na nywele. Dada fundi cherehani alichelewa kumaliza, akakunja karatasi mara mbili kabla ya kunipa, na niliifungua nilipofika nyumbani. Alikuwa ameandika:

```
Ten women had their dresses made before Idd. I made nine.
The other woman got her sister to make hers.
```

Nilitafuta kosa la kusahihisha, sikuliona. Nilimwekea vema, na pembeni nikamwuliza kwa Kiswahili huyo wa kumi ni nani. Jioni iliyofuata alinijibu kwamba ni mteja wake wa zamani, na kwamba gauni lenyewe limekaa upande.